Sauti ya Pili Niliyoinyamazisha

Wiki hii naomba radhi kwa kuanza na kosa langu mwenyewe. Nimefundisha kasida kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika muda wote huo nilishikilia kanuni moja tu, kwamba watoto wote waimbe kwa sauti moja, wapande pamoja na kushuka pamoja. Mwaka jana, tulipokuwa tukiwatayarisha wasichana wa madrasa kwa kasida ya Mfunguo Sita, binti yangu mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na minne, alikuwa akiharibu kiitikio. Sauti yake ni nzito na ya chini. Mahadhi yalipopanda, yeye alikwama. Akijilazimisha, sauti ilipasuka. Akishuka, alitoka nje kabisa ya mahadhi. Nilimwita kando nikamwambia, "Mwanangu, wewe simama na wenzako, lakini tikisa midomo tu." Akaitika, "Naam, Baba." Tangu siku ile hakuimba tena nyumbani, hata akiosha vyombo.

Shule zilipofungwa tulikwenda Kitui kumzuru mpwa wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Matinyani, magharibi ya mji wa Kitui. Amepanga nyumba katika kiwanja cha bibi mmoja wa Kikamba, mkulima wa ndengu na mwimbaji wa kwaya ya kanisa lake kwa miaka mingi. Jirani zake humwita Mwaitu, yaani mama, nasi tukamwita hivyo hivyo.

Jioni ya pili wanawake walikaa uani wakipukuchua ndengu. Binti yangu, akidhani simsikii, alianza kuivumisha puani kasida yetu, polepole na kwa chini. Mara nikasikia sauti nyingine imeingia juu ya ile yake. Haikuwa ikimfuata, wala haikuwa ikipingana naye. Ilikwenda sambamba naye kama watu wawili wanaotembea pande mbili za njia moja. Alikuwa Mwaitu. Kasida ile hakuwahi kuisikia, na Kiarabu hakijui hata herufi moja. Alisikiliza kiitikio mara mbili, mara ya tatu akaingia na sauti ya pili.

Nilitoka nikamwuliza, "Mama, umeijuaje?" Akacheka. "Mwalimu, wimbo mmoja daima una nafasi ya mwenzake. Unasikiliza tu nafasi iko wapi."

Siku tatu zilizofuata nilikaa kama mwanafunzi. Mpwa wangu, ambaye huandaa kwaya ya shule kwa Tamasha la Muziki la Kenya, lile lililoanzishwa mwaka 1927, alinisaidia kwa istilahi pale ambapo Mwaitu alikuwa akionyesha kwa mkono tu. Niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya kina mama na walimu wa madrasa wenye mabinti kama wangu.

Kwanza tuielewe ngazi. Mashuleni hufundishwa vidato saba vya sauti kwa majina do, re, mi, fa, so, la, ti, kisha huja do ya juu, ambayo ni kidato cha nane. Mtindo huu wa majina ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, na wamisheni waliuchukua kila walikokwenda. Ukambani walifika mapema. Misheni ya Africa Inland ilianzia Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895. Ndiyo maana bibi wa Matinyani, aliyekulia katika tenzi za kanisa zenye sauti nne, ana sikio lililozoea sauti kwenda mbili mbili. Hata nyimbo za dansi za Kikamba, kama zile za marehemu Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, huimbwa mara nyingi kwa sauti mbili zinazofuatana namna hiyo.

Umbali kati ya sauti mbili huhesabiwa kwa kuvihesabu vidato vyote, pamoja na cha mwanzo na cha mwisho. Kutoka mi hadi so ni mi, fa, so; basi huo ni umbali wa tatu. Huu ndio umbali mtamu ambao sikio la Mwaitu huutafuta kwanza. Mtu akiimba mi, yeye huimba so. Akiimba fa, yeye huimba la. Anakwenda juu ya mwenzake, akiruka kidato kimoja katikati, na hatoki nje ya ngazi ile ile.

Hilo la kutotoka nje ya ngazi ndilo linalowaponza wengi. Vidato vya ngazi havilingani. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do, pana nusu hatua tu, na kwingine pana hatua nzima. Kwa hiyo umbali wa tatu kutoka do hadi mi ni mpana kidogo kuliko ule wa re hadi fa. Mwimbaji wa sauti ya pili akikazana kushika upana ule ule kila mahali, mwishowe ataimba sauti isiyokuwamo katika wimbo, na msikilizaji atahisi kana kwamba nyimbo mbili zimegongana. Dawa yake si kupima. Dawa ni kuijua kwanza ngazi ya wimbo: uimbe mahadhi mpaka yakuzoee, uitafute sauti ambayo wimbo hutulia juu yake mwishoni, ambayo ndiyo do, kisha upande na kushuka vidato vyote kutoka hapo mara kadhaa. Sikio likishaishika ngazi, upana hujirekebisha wenyewe.

Sasa niwaonyeshe kiitikio chetu chenyewe, ambacho ni kifupi, silabi kumi na moja tu, katika vifungu vitatu. Mahadhi yake, yaani sauti ya kwanza, ni haya:

mi mi fa so — so la so — fa mi re do

Mara ya kwanza kabisa Mwaitu aliimba umbali wa tatu moja kwa moja, bila ya kugeuza lolote: so so la ti, kisha ti do ti. Kifungu cha mwanzo kilianza vizuri, lakini kilipofika mwisho, pale ambapo so inavutwa, nilisikia kitu kikikwaruza. Hata yeye alikunja uso. Akarudia, na safari hii badala ya ti akapanda kidato kimoja zaidi akatua juu ya do ya juu. Mkwaruzo ukaondoka.

Nilimwuliza sababu. Yeye alijibu kwamba ile ya kwanza "haikukaa." Mpwa wangu ndiye aliyenifafanulia. Wimbo ukitulia, sikio husikia nyumba yake, nayo ni do, mi na so kwa pamoja. Mwenye sauti ya kwanza alikuwa amesimama juu ya so, yaani ndani ya nyumba ile. Ti imepakana na do kwa nusu hatua tu, basi ukiivuta hapo inakuwa kama mtu aliyesimama kizingitini, hakuingia wala hakutoka. Ikipita haraka kati ya sauti nyingine haidhuru, lakini ikivutwa inauma. Kwa hiyo pale so inapotulia nyumbani, sauti ya pili huacha umbali wa tatu na kuchukua do, ambayo ni umbali wa nne. Katika kifungu cha kati, ambacho ni so la so, Mwaitu alibaki juu ya do moja kwa silabi zote tatu, huku mahadhi yakicheza chini yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufuata kwa umbali wa tatu ni njia ya kuanzia tu. Unaufuata wimbo hivyo, halafu unavisikiliza vituo vyake, yaani zile sauti zinazovutwa. Penye mkwaruzo unahama kidato kimoja, juu au chini, mpaka sauti ikae.

Lakini binti yangu, ndugu msomaji, hakuweza kuiimba sauti ile. Ikiwa mahadhi yenyewe yalikuwa yakimshinda kwa urefu, iliyo juu yake ataifikia vipi? Nilimwona ameinamia ungo wake wa ndengu, na nikadhani habari imekwisha.

Mwaitu akamwambia, "Wewe mwanangu, imba hiyo hiyo yangu, lakini uishushe mpaka kwako." Akamwimbia so ya juu, kisha akaiimba so ya chini, ambayo ina jina lile lile ila imeshuka vidato vinane. Binti akaipata mara moja; ilikuwa katikati ya sauti yake, mahali anapozungumzia. Akaiimba sauti ya pili yote kwa chini, na Mwaitu akaimba mahadhi kwa juu. Ilikuwa sauti ile ile ya pili, lakini sasa ilikuwa chini ya mahadhi badala ya kuwa juu yake.

Tuhesabu. Mahadhi yakiwa mi, na binti akiwa juu ya so ya chini, vidato ni so, la, ti, do, re, mi. Ni sita. Umbali wa tatu uliopinduliwa, ile sauti ya juu ikiletwa chini, huwa ni umbali wa sita. Ndiyo maana mbili hizi hutajwa pamoja, kwani ni jamaa moja: majina ya vidato ni yale yale, na utamu wake ni wa namna moja, ila umbali wa sita una nafasi pana zaidi katikati, hivyo husikika mtulivu. Ule umbali wa nne wa so na do, nao ukipinduliwa, huwa wa tano, wala hauharibu kitu.

Palibaki jambo moja, nalo ni mwisho. Mahadhi yanaposhuka fa mi re do, sauti ya pili ikifuata kwa umbali wa sita mpaka mwisho hushuka la, so, fa, mi. Si kosa, lakini mi ikiwa chini kabisa ya do, wimbo hubaki kama swali lisilojibiwa. Mwaitu alimfundisha aache kushuka baada ya so, apande hadi ti ya chini wakati mahadhi yakiwa re, kisha wote wawili wakutane juu ya do moja. Umbali ukawa wa sita, tena wa sita, kisha wa tatu, kisha hakuna umbali tena. Wale watu wawili wa pande mbili za njia wamekaribiana, wakaingia mlango mmoja. Na angalieni kwamba ile ti iliyokwaruza mwanzo, hapa inapendeza, kwa kuwa haikuvutwa. Imepita tu ikielekea nyumbani.

Basi sauti ya pili ya binti yangu, yote ikiwa chini ya mahadhi isipokuwa ile do ya mwisho wanapokutana, ikawa hivi:

so so la do — do do do — la so ti do

Tuliporudi Mombasa nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikakiri kwamba mimi ndiye niliyekosea, nikaomba tujaribu. Jaribio la kwanza liliharibika. Katika kifungu cha kati, ambapo yeye hushikilia do huku wenzake wakiimba so la so, alivutwa. Kufika silabi ya pili alikuwa tayari ameingia katika mahadhi yao, juu kule kule anakopasukia. Hili ndilo gonjwa kubwa la sauti ya pili. Dalili yake ni kwamba mwimbaji huanza vizuri, kisha ghafla sauti mbili zinakuwa moja, naye hajui alipopotelea.

Tiba niliipata kwa Mwaitu kabla hatujaondoka. Sauti ya pili ijifunzwe peke yake, kama wimbo kamili wenye mwanzo na mwisho, mpaka mwenye kuiimba asiyahitaji mahadhi ili kuikumbuka. Kisha wa kwanza aimbe kwa upole naye wa pili aimbe kwa nguvu, na baadaye wabadilishane. Mtihani wake ni huu: katikati ya kiitikio, wa kwanza anyamaze bila ya kutoa taarifa. Ikiwa wa pili anaendelea sawasawa hadi mwisho, amejua. Akiyumba, alikuwa akiegemea tu. Binti yangu aliushindwa mtihani huu siku nne, na siku ya tano akaupita.

Kisha tukapanga watu. Tulikuwa na wasichana kumi na mmoja. Wanane niliwaacha katika mahadhi, na wawili wenye sauti za chini, ambao nao nilikuja kugundua kwamba walikuwa wakitikisa midomo kwa hiari yao, nikawaweka pamoja na binti yangu, upande mmoja wa safu na si katikati. Mahadhi lazima yabaki mbele. Msikilizaji akianza kuifuata sauti ya pili akidhani ndiyo kasida, mizani imeharibika.

Sasa niseme mipaka, maana huku kwetu Pwani si kila mahadhi yanakubali jambo hili. Kasida ile ilikuwa katika maqamu ya Ajam, ambayo vidato vyake ni vile vile vya do, re, mi vya shuleni. Nahawand nayo hukubali, ingawa rangi yake ni ya huzuni. Lakini nilimwimbia Mwaitu kasida nyingine iliyo katika Rast, naye akajaribu kila mahali asipate pa kukaa. Alisema, "Hii ina sauti iliyojificha." Amesema kweli. Katika Rast kidato cha tatu hakiko juu wala chini. Kimesimama katikati ya zile sauti mbili tunazozijua katika kinanda. Umbali wake kutoka nyumbani ni mdogo kuliko ule mpana na ni mkubwa kuliko ule mwembamba. Bayati pia ina kidato cha namna hiyo. Ukilazimisha sauti ya pili humo, ama utauvuta wimbo utoke katika maqamu yake, ama utakwaruza mpaka mwisho. Mahadhi ya namna hiyo uzuri wake umo katika kuimbwa na wote kwa sauti moja, na hapo kanuni yangu ya zamani bado ina mahali pake. Na bila shaka msomaji anaelewa kwamba nazungumzia kasida na nyimbo. Kisomo cha Qur'ani kina adabu yake na tajwidi yake, na si mahali pa sauti ya pili.

Usiku wa maulidi wanawake walikuwa ndani, nasi wanaume tulikuwa barazani. Kiitikio kilipofika nilisikia kwanza yale mahadhi niliyoyafundisha miaka yote, kisha chini yake nikasikia ile so, imetulia kama sakafu. Katika kifungu cha kati haikuyumba. Mwishoni ikapanda ti, ikaingia do, na sauti zote zikawa moja. Jirani yangu barazani aliniuliza, "Sheikh, mwaka huu mmeongeza watu?" Nikamwambia hapana, ni wale wale, ila mwaka jana watatu kati yao walikuwa kimya.

Asubuhi yake nilimsikia binti akiosha vyombo na kuimba. Alikuwa akiimba sauti ya pili peke yake, bila ya mahadhi juu yake. Nilisimama mlangoni nikaanza kumwitikia yale mahadhi kwa chini. Akanitazama, akacheka, akasema, "Baba, ukinyamaza katikati mimi sitapotea." Nikanyamaza katikati ili nimjaribu. Hakupotea.

Wabillahi tawfiq.